Rafiki aliyeahidi kusaidia shughuli hakutokea: umwendee, umpigie simu, au umtume mtu?

Huku kwetu Mtwara na Lindi shughuli haibebwi na mtu mmoja. Ukimtoa mwali, ukioza au ukisoma hitma, kuna watu walioandikwa kwenye daftari kwa fedha, kuna wa turubai na viti, na kuna wa mikono: wa kuchambua mchele usiku, kukuna nazi, kukata vitunguu, kusimamia masufuria. Wa fedha asipotoa, daftari litamsema. Wa mikono hakuandikwa popote. Alisema tu, nawe ukamwamini, na asipotokea hakuna karatasi ya kumwonyesha. Kilichopo ni wewe na yeye na neno alilosema.

Ndiyo maana wengi hukwama hapo. Shughuli imekwisha, donge limebaki, na kila siku mnapishana njiani. Umwambie vipi? Njia zinazotumika kwetu kwa kweli ni tatu: kumwendea mwenyewe, kumpigia au kumwandikia kwa simu, na kumtuma mtu wa kati. Nimezipanga hapa kwa vipimo vilevile ili uone ipi inakaa vizuri kwenye jambo lako. Ipo na njia ya nne, ya kununa na kungoja shughuli yake ifike ili nawe usiende, lakini hiyo haimwambii mtu kitu, kwa hiyo siiweki kwenye mizani.

Ili tuelewane, nitatumia kisa kimoja. Ni likizo ya Juni, mama wa Chikongola anamtoa mwali. Shoga yake wa Magomeni, wamejuana tangu shule, alimwambia: "Jiko niachie mimi. Nakuja Ijumaa baada ya magharibi na masufuria yangu mawili ya kilo 20, na nalala hapo hapo." Mchele ulikuwa kilo 40, kwa hiyo hesabu ya masufuria ilikuwa imefungwa kwake. Ijumaa saa 2 usiku simu inaita haipokelewi. Saa 4 haipatikani. Alfajiri wakahangaika, wakapata sufuria moja la kilo 20 na jingine dogo la kilo 10, na mpishi wa kukodi. Pilau ikapikwa kwa awamu, ya chini ikashika moto, na chakula kilichokuwa kitoke saa 7 mchana kikatoka saa 10. Wageni waliotoka Newala walikuwa na gari la kurudi. Wakaondoka hawajala.

Hilo la wageni wa Newala ndilo lililomuuma mwenye shughuli kuliko gharama ya mpishi. Tulishike, maana tutalirudia.

Kwanza, kabla ya njia yoyote

Kuna mambo ya kuhakikisha. La kwanza, ilikuwa ahadi kweli? "Nitajitahidi nifike" na "jiko niachie mimi" ni maneno mawili tofauti. Anayesema la kwanza amekuachia mlango wazi, na ulipaswa kuwa na mtu mwingine pembeni. Anayesema la pili amekufanya usimtafute mwingine. Huyo wa pili ndiye una haki ya kumwambia umeumia.

La pili, ulizia kama kwake kwema. Mtoto alilazwa? Kulitokea msiba upande wa mume? Hizi habari hupatikana kwa jirani mmoja tu, bila kueleza kwa nini unauliza. Kwenda kulaumu halafu ukute mkeka wa msiba umetandikwa ni jambo ambalo hata yeye akikusamehe wewe hutajisamehe.

La tatu ni wakati. Usiseme siku ya shughuli yenyewe wala kesho yake, ukiwa hujalala na sauti imekauka. Ngoja vyombo vya watu virudi, turubai lilipwe, daftari lifungwe. Kwa kawaida inachukua kama wiki. Lakini usivushe mwezi, kwa sababu kufikia hapo maneno yako yatakuwa yameshamfikia kupitia watu wengine, na yatakuwa yameongezwa chumvi.

Vipimo vinne

Njia zote tatu nazipima kwa maswali haya.

Je, atapata nafasi ya kusema kilichomsibu? Mtu anayezima simu usiku wa shughuli mara nyingi ana kitu anachokionea haya, na njia usiyomruhusu kukisema itakuacha na nusu ya habari.

Je, maneno yatafika kama yalivyotoka kwako?

Nani mwingine atasikia?

Na baada ya hapo mtabaki wapi? Maana shughuli hazijaisha. Desemba ipo, na ya kwake ipo.

Neno lenyewe, kwa njia yoyote utakayochagua, lina sehemu zilezile: alichosema, kilichotokea, kilichokuumiza, na unachotaka sasa. Kwenye kisa chetu ni hivi: "Uliniambia jiko nikuachie wewe, na utakuja Ijumaa na masufuria. Hukuja, na simu haikupatikana. Wageni wangu wa Newala wameondoka na njaa, na hilo limeniuma sana. Nataka kujua kulikuwa na nini." Basi. Hakuna "wewe siku zote ndivyo ulivyo", kwa sababu hapo ataacha kujibu kuhusu Ijumaa na ataanza kujitetea kuhusu maisha yake yote. Na hakuna "mimi kwako nilipika siku mbili mfululizo", hata kama ni kweli tupu. Hayo ni masimango. Ukishasimanga, jambo linageuka kuwa deni, na mwenye kudaiwa hukimbia.

Njia ya kwanza: kumwendea mwenyewe

Hii ndiyo nzito, na ndiyo yenye mengi ya kuelezwa.

Nafasi ya kueleza ni kubwa kuliko kwenye njia nyingine yoyote. Unamwona usoni. Akinyamaza, unajua ananyamaza kwa hasira au kwa haya, jambo ambalo simu haikuonyeshi. Kinachotakiwa ni umpe muda. Ukishasema neno lako, nyamaza na wewe. Wengi wanaharibu hapa: wanasema, kisha kwa kuogopa ukimya wanaendelea kusema, na kila sentensi ya ziada ni kali kuliko iliyotangulia.

Maneno yanafika kama yalivyo, mradi uyatoe. Hatari ya njia hii ni kwamba utaenda na usiseme. Utapiga hodi, utakaribishwa, mtaulizana hali, watoto, bei ya samaki, chai itakuja, mtacheka, na utarudi nyumbani na donge lako lilelile. Salamu lazima, na hakuna mtu wa huku atakayekusikiliza ukianza na shida kabla ya hali. Lakini salamu zikiisha na ukishapokea chai, sema palepale: "Shoga, nimekuja na langu, naomba tulizungumze." Ukisubiri hadi aje mgeni mwingine, basi.

Nani atasikia? Hilo linategemea pa kukaa. Barazani ni mahali pa kila mtu: apitaye na samaki atasimama, jirani atavuta mkeka. Omba muingie uani au chumbani. Nenda peke yako, usiandamane na dada yako wala wifi aliyehangaika jikoni siku ile, kwa sababu ukienda na mtu umekwenda na baraza la hukumu. Saa nzuri ni baada ya alasiri, kazi zikiwa zimepungua, na mbali kidogo na magharibi ili usikatizwe. Mtumie habari mapema, "jioni nitapita tuzungumze kidogo". Kumvamia kunampa sababu ya kukasirika yeye.

Mama wa Chikongola alichagua njia hii. Alipita siku ya nane, wakakaa uani, yule shoga akiwa anachambua mchicha. Akasema maneno yake. Shoga aliendelea kuchambua, jani baada ya jani, hata mashina mazima akawa anayatupa kwenye ungo pamoja na majani. Kisha akasema:

"Mimi kwenye daftari lako niliandikwa elfu 50."

"Najua."

"Kikoba hakikuvunjwa. Walisema Juni, wakasogeza. Sikuwa hata na elfu 10. Ningeingia vipi kwako, wifi zako wote wamekaa na daftari pale mlangoni?"

"Mimi masufuria na mikono yako ndivyo nilivyovitaka."

"Najua, shoga. Ila ungesomwa mchango, mimi nimesimama jikoni, jina langu lina kistari."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa. Ahadi ya mikono ilivunjwa na ahadi ya fedha. Nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba nikisikia mtu hakutokea na simu kaizima, swali langu la kwanza ni kama kwenye daftari anadaiwa. Anayeshindwa kulipa hadhani anaweza kuja kupika tu. Anaona akifika mikono mitupu atatazamwa. Kwa hiyo anakosa vyote viwili, na mwenye shughuli anaona dharau mahali palipokuwa na aibu.

Habari kama hiyo isingeandikwa kwenye ujumbe wa simu. Isingepitia kwa mtu wa kati pia, kwa sababu ndicho kitu hasa alichokuwa anakificha watu wasikijue.

Baada ya hapo mtabaki pazuri kama mmemaliza na mpango. Hawa walikubaliana vitu viwili: fedha ifutwe kwenye daftari kwa mkono wa mwenye shughuli mwenyewe, na siku nyingine, yeyote atakayekwama aseme walau siku mbili kabla, hata kwa neno moja tu, ili mwenzake atafute sufuria. Sisemi kwamba maumivu yaliisha. Wageni wa Newala bado walikuwa wameondoka na njaa, na shoga aliomba radhi kwa hilo peke yake, mbali na suala la fedha. Naona alifanya vizuri, kwa sababu sababu hata ikiwa kubwa haifuti kilichompata mwenzako.

Inamfaa nani? Marafiki wa karibu, wa rika moja, wanaokaa mahali panapofikika kwa bajaji au kwa miguu, na jambo likiwa limeuma kweli. Haimfai anayejijua kwamba akimwona tu mwenzake atalia au atafoka, angalau si katika wiki ile ya kwanza. Wala haifai ukishahisi kwamba ukienda, mume au mkwe wake ataingilia.

Njia ya pili: simu

Simu ni vitu vitatu tofauti, na watu huvichanganya: kupiga, kutuma sauti, na kuandika.

Kupiga kunakaribia kumwendea. Anaweza kujibu palepale, na unasikia sauti yake. Kasoro ni kwamba hujui yuko wapi. Unapiga, yeye yuko ndani ya daladala au kwenye mkutano wa kikoba, na anakujibu "ndiyo, ndiyo, sawa" kwa sababu ana watu. Wewe unadhani amepuuza. Kwa hiyo usianze na jambo. Anza na ujumbe mfupi: "Nina neno nataka tuzungumze, ukitulia jioni niambie nikupigie." Na kumbuka msimu. Miezi ya katikati ya mwaka wengi wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, na ukifika Oktoba wako kwenye kuokota na kuhangaika na magunia kuelekea chama cha msingi. Sehemu nyingi za mashamba mtandao hupatikana ukipanda kichuguu. Simu isiyopatikana siku 2 katika miezi hiyo haimaanishi amekukimbia.

Sauti ya WhatsApp ina joto la mtu, na ndiyo maana wengi huipenda. Lakini mimi huiogopa kwa jambo hili. Sauti husikilizwa kwa spika, watoto wakiwa pembeni. Sauti hutumwa mbele kwa mtu mwingine kwa kugusa mara chache tu. Na ukiwa na uchungu, dakika moja uliyopanga inakuwa nne, na ndani ya hizo nne kutakuwa na sentensi moja tu ambayo ndiyo itakayosikilizwa tena na tena. Ukituma, isikilize kwanza wewe mwenyewe. Kama imevuka dakika moja na nusu, ifute uanze upya.

Kuandika kunafika kama kulivyo, hata zaidi ya kusema. Ndiyo faida yake kubwa. Panapokuwa na kitu cha kuhesabika, maandishi ni bora kuliko uso kwa uso. Chukua mwanamume wa Lindi ambaye rafiki yake alimwahidi pikapu ya kubebea viti, asubuhi gari halikuja, akakodi jingine kwa sh 30,000. Hakuna mwali hapa, hakuna mgeni aliyelala njaa. Kuna usumbufu na kuna gharama. Akamwandikia:

"Kaka habari. Jumamosi nilikutegemea kwa pikapu saa 1 asubuhi kama ulivyosema. Haikufika, nikakodi kwa elfu 30. Nilikwazika kwa sababu hukuniambia mapema. Ningeomba tugawane hiyo gharama, na siku nyingine ikishindikana nijulishe usiku wake."

Ujumbe kama huo unasomwa, unajibiwa, unaisha. Kufunga safari kwenda kukaa kwake kwa elfu 30 kungelikuza jambo kuliko lilivyo. Wanaume pia kwa kawaida hukutana kijiweni au kwenye kahawa, mbele ya watu, na ujumbe wa faragha unaokoa heshima ya wote wawili kuliko kumvuta pembeni huku wengine wanatazama.

Ila nafasi ya kueleza kwenye maandishi ni finyu. Mwenye aibu ataandika "nisamehe sana, nilipatwa na udhuru", na hapo mlango umefungwa kwa adabu. Huwezi kuuliza udhuru gani mara tatu bila kuonekana mpelelezi. Na zikitokea alama mbili za bluu halafu kimya, usijaze ule ukimya kwa mawazo yako. Ngoja siku 2, kisha piga mara moja. Asipopokea, hiyo njia imekwisha kazi yake, chagua nyingine.

Kuhusu nani atasikia, kuna mahali pamoja pa kukataa kabisa: kundi la kamati ya shughuli. Hata ukiandika kwa upole, hata bila jina, watu 40 wanajua nani hakuleta masufuria. Vivyo hivyo kuweka fumbo kwenye statasi, au kumvalia kanga yenye maneno siku mtakayokutana. Najua kanga ni lugha yetu, na ina raha yake. Lakini kanga inasema bila kuuliza. Yeye atasoma kwamba umekasirika, jambo analolijua tayari, na hatakuwa na pa kukujibia isipokuwa kwa kanga ya kwake.

Simu inawafaa walio mbali, mmoja Mtwara mwingine Liwale au Dar es Salaam. Inawafaa wale ambao wakionana hasira hupanda. Na inafaa ahadi za vitu na fedha. Baada yake mtabaki mmeelewana juu ya jambo lenyewe, lakini donge la moyo, kama lipo, litangoja siku mtakayoonana.

Njia ya tatu: mtu wa kati

Vijana siku hizi huiona njia hii kama woga. Mimi sioni hivyo. Kuna mahusiano ambayo kusema moja kwa moja ni kukosa adabu: aliyekuahidi ni mkubwa wako kwa umri, au ni mkwe, au wewe ni mke wa mtu na yeye ni mume wa mtu na mlikuwa mkisaidiana kwenye kamati tu. Hapo mtu wa kati ndiyo heshima yenyewe.

Swali ni nani. Huku tuna watu wa aina mbili wanaofaa. Yupo mzee wa kuheshimiwa, mara nyingi somo wa mwali au mwanamke aliyesimamia shughuli nzima; yeye akienda, neno lina uzito, na aliyekosa atakaa vizuri amsikilize. Na yupo mtani. Mtani wake ana ruhusa ya kumwambia lolote: "Watu wamekula mkaa siku ile, wewe masufuria umeyafungia ndani unayalea?" Atacheka, na ndani ya kicheko atajua kwamba mwenye shughuli ameumia. Kwa kosa dogo utani ni dawa ya haraka mno. Kwa kosa lililouma sana usiutumie, kwa sababu utani hufanyika mbele ya watu, na uchungu wako utageuka mchezo wa mtaani ambao hata wewe utatakiwa kuucheka.

Asiyefaa ni yeyote aliyeumizwa na jambo lilelile. Wifi aliyeungua mkono akigeuza pilau lile hawezi kupeleka neno lako tu. Atapeleka na la kwake.

Maneno kufika kama yalivyo ndiyo udhaifu mkubwa wa njia hii. Kwa hiyo mpe mjumbe neno moja, si historia. "Mwambie sikuelewa kwa nini hakuja wala hakuniambia, na wageni wangu waliondoka hawajala. Mwambie nataka kusikia kwake." Mwombe akurudishie jibu kwa maneno aliyoyasikia. Ukiona mjumbe anarudi na maoni, "mimi namwona hana makosa" au "yule ana kiburi", jua kwamba amehukumu badala ya kufikisha.

Nafasi ya kueleza ni ya wastani. Mbele ya mzee, mtu huomba radhi haraka ili amridhishe mzee, na sababu ya kweli inabaki ndani. Ndiyo maana hata baada ya mjumbe kurudi na jibu jema, bado mtu wa kwanza na wa pili wanapaswa kuonana, walau kusalimiana na kunywa maji. Pasipokuwa na hilo, mnaweza kukaa mwaka mzima mkiwa "mmepatanishwa" na bado kila mmoja anapita njia ya nyuma.

Na kuna jibu moja la kulitazamia kwa marafiki wa rika moja: "Mbona hakuja mwenyewe?" Likija hilo, usikasirike. Ni mwaliko. Nenda.

Kwa hali yako

Kama ni rafiki wa karibu, ahadi ilikuwa ya mikono, na simu aliizima bila neno, mwendee. Kabla ya kwenda fungua daftari utazame kama jina lake lina kistari. Likiwa nacho, anza kwa kumwondolea hilo: mwambie fedha siyo iliyokuleta. Utaona mabega yanashuka.

Kama alichovunja ni ahadi ya chombo au fedha, na mko sawa katika mengine yote, mwandikie, kwa kiasi na siku. Kama fedha aliyoahidi ilikuwa inategemea malipo ya korosho, ulizia kwanza kama mnada wa chama chake umeshalipwa kabla hujamdai uaminifu.

Kama yuko mbali au yuko shambani, piga, kwa saa mliyopatana. Sauti ndefu za usiku wa manane ziache.

Kama ni mkubwa wako, mkwe, au mlishawahi kugombana hadi watu wakawaamua, mtume mzee. Kama ni kosa la kuchelewa saa mbili tu na ndizi kuiva kupita kiasi, mtani anatosha, wala usilibebe zaidi.

Kama hii ni mara ya tatu anafanya hivyo, na kila mara kuna udhuru mpya, bado mwambie, kwa njia yoyote kati ya hizi. Lakini sehemu ya mwisho ya neno lako ibadilike. Badala ya kuuliza kulikuwa na nini, mwambie utakachofanya wewe: "Desemba nakualika kama mgeni, jikoni nitamweka mtu mwingine." Siyo adhabu. Unamwondolea mzigo ambao amekuonyesha hawezi kuubeba, na unabaki na rafiki ambaye mnaweza kukaa naye mkekani mkala pilau iliyopikwa na mwingine.

Na kama shughuli yake imefika kabla hamjazungumza, na umealikwa, nenda, fanya ulichoombwa, lakini usilitaje jambo lako usiku ule wa kuchambua mchele hata mkibaki wawili tu kwenye taa. Ngoja masufuria yake yaoshwe na yarudi kwa wenyewe, kisha mtumie neno kwamba jioni utapita.